Shajara ya mradi: Bi Zuhura na pengo linalotembea

Siku ya 1

Haya nimeanza rasmi. Hadithi fupi ya watoto wa miaka 7 mpaka 10, kurasa 24 zenye picha, kuhusu mkutubi anayerudisha vitabu kwenye rafu na katikati ya kazi anagundua mwenyewe ile njia ambayo watu wa kompyuta wanaiita kupanga kwa kuchomeka. Nataka agundue mwenyewe, asitokee mtu wa kumfundisha, na neno kompyuta lisionekane kabisa ndani ya hadithi.

Wazo lenyewe ninalo muda mrefu maana niliwahi kujitolea maktaba, upande wa watoto, na kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa toroli la vitabu vilivyorudishwa jana yake. Baada ya wiki kadhaa mikono inakuwa na akili yake, unashika kitabu cha juu, unasoma lebo ya mgongoni, mkono wa kushoto unasukuma vitabu kidogo, kile kinaingia, unashika kingine. Nilikuja kujifunza programu miaka mingi baadaye, na siku nilipoona hiyo njia ubaoni nilisema kumbe hii naijua.

Mhusika anaitwa Bi Zuhura. Vitabu vina namba za Dewey, ule mpangilio uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876 na ambao maktaba nyingi bado zinautumia. Kwa hadithi nahitaji namba chache tu: 398 hadithi za kale (sungura na fisi wako humo), 510 hesabu, 597 samaki, 598 ndege, 599 wanyama wanaonyonyesha, 636 mifugo. Mtoto hahitaji kujua mfumo wote, akijua namba ndogo inakaa kushoto na kubwa kulia inatosha.

Siku ya 2

Rasimu ya kwanza imeisha, maneno kama 700. Kipande cha katikati kiko hivi:

*Bi Zuhura akatazama toroli. Akatafuta kitabu chenye namba ndogo kuliko vyote. Akakipata! 398. Akakiweka mwanzo wa rafu. Akarudi kwenye toroli. Akatafuta tena kilicho kidogo kuliko vyote vilivyobaki. 510! Akakiweka pembeni yake.*

Inasomeka vizuri, ina mdundo, mtoto anaweza kurudia "akatafuta tena". Nimelala nikiwa na furaha.

Siku ya 4

Leo nimemsomea binti wa dada yangu, ana miaka minane. Alikuwa kimya mpaka ukurasa wa tisa, kisha akauliza, "Mamdogo, kwa nini anarudi kutafuta kwenye toroli kila saa? Si achukue tu kile cha juu?"

Nikataka kumjibu halafu nikanyamaza maana nilikuwa nimeona kosa. Nilichoandika siyo kuchomeka hata kidogo, ni kuchagua! Kwa nje zinafanana, zote mbili vitabu vinatoka kwenye toroli kimoja kimoja na mwisho rafu imepangika, ndiyo maana ni rahisi kuzichanganya, na nimewahi kuona hata vitabu vya shule vinazichanganya kwenye picha.

Namna ya kuzitofautisha ni kuangalia macho ya mkutubi yako wapi. Kwenye kuchagua macho yako kwenye toroli, unakagua vyote vilivyobaki ili umpate mdogo, na kikishapanda rafuni hakiguswi tena. Kwenye kuchomeka huchagui chochote, unachukua kilicho juu hata kama ni kipi, na macho yako yako kwenye rafu, na vitabu vilivyokwisha kupangwa vinasogea kila mara kumpisha mgeni. Yaani jasho limehama kutoka kwenye toroli kwenda kwenye rafu. Hadithi yangu ilikuwa na jasho upande usio wenyewe.

Siku ya 5

Sikufuta rasimu. Nilikaa nayo usiku nikajiuliza, hivi mtu anayepanga kwa kuchagua anakwama wapi, maana pale atakapokwama ndipo atakapogundua. Na jibu ni rahisi sana kwa mtu aliyefanya kazi maktaba: watu hawaachi kurudisha vitabu eti kwa sababu wewe unapanga.

Kuchagua kunakutaka uwe na vitabu vyote mkononi kabla hujaanza, la sivyo huwezi kusema huyu ndiye mdogo kuliko wote. Kikija kimoja baadaye ahadi yote inavunjika. Kwa hiyo Bi Zuhura aanze kwa kuchagua, kama nilivyoandika, ameshaweka 398, 510, 597 na anajisikia vizuri, halafu mlango unafunguliwa. Hii ndiyo sehemu niliyoiandika leo na sitaki kuigusa tena:

*"Shikamoo Bi Zuhura."*

*"Marahaba mwanangu. Umeleta nini?"*

*"Cha nyota na mwezi. Nimekimaliza."*

*Bi Zuhura akasoma lebo. 523. Akatazama rafu. 398, 510, 597. Vilikaa vizuri, vimebanana. Nyota na mwezi hawakuwa na pa kukaa.*

*"Nianze upya?" akajiuliza.*

*Akaweka kidole juu ya 597. Akakisogeza kulia kidogo, kidogo tu. Pakatokea pengo. Akashusha nyota na mwezi ndani ya pengo. Tap.*

*398, 510, 523, 597.*

*Bi Zuhura akasimama. Akatazama rafu. Akatazama toroli. Akatazama tena rafu.*

*"Huyu nimemwingiza bila kuwatafuta wenzake," akasema polepole. "Sasa kwa nini nawatafuta wengine?"*

Hapo ndo ugunduzi wenyewe. Kumpata mwenye namba ndogo si lazima, ikiwa rafu tayari imepangika basi mgeni yeyote ana mahali pake, kazi ni kumpisha. Na rafu yenye kitabu kimoja tayari imepangika, kwa hiyo unaweza kuanza na chochote. Nimefurahi zaidi kwa kuwa swali la mtoto wa kweli ndilo lililoleta mtoto wa kwenye hadithi mlangoni.

Siku ya 8

Leo tulikaa sakafuni na vitabu sita vya nyumbani, nimebandika lebo za karatasi mgongoni, tukapanga toroli la siku ya pili ya hadithi. Kuanzia juu: 598, 398, 636, 597, 510, 599. Sheria ni moja, anza kulia mwa rafu, kila mwenye namba kubwa kuliko mgeni anasogea hatua moja kulia, ukikutana na asiye mkubwa simama, mchomeke mgeni hapo.

598 akapanda peke yake. 398 alipokuja, 598 akasogea, 398 akaingia mwanzo. 636 alikuja akamkuta 598 ni mdogo kwake, akakaa mwisho, hakuna aliyesogea. Halafu 597, hapo mtoto akashangilia maana wawili walihama, 636 na 598, kisha 398 akasema inatosha. 510 ndiye aliyesumbua kuliko wote, watatu walisogea kumpisha. Wa mwisho 599 akamsogeza 636 peke yake, akakutana na 598 akasimama.

Tulihesabu kwa kokoto. Misogezo 7, kulinganisha lebo mara 11. Kisha nikamwambia aangalie toroli lilivyokuwa mwanzo atafute kila jozi ambayo mkubwa amekaa mbele ya mdogo: 598 yuko mbele ya 398, 597 na 510, hizo tatu. 636 yuko mbele ya 597, 510 na 599, hizo tatu nyingine. 597 yuko mbele ya 510, moja. Jumla 7, sawasawa na misogezo! Na haijatokea kwa bahati, kila jozi iliyokaa kinyume inalipwa kwa msogezo mmoja, hailipwi mara mbili wala haisamehewi. Hii nimeiweka kama mchezo wa ukurasa wa 17, hesabu kokoto kabla hujafunua ukurasa.

Lakini kilichonipa picha ya kitabu kizima ni kitu kingine. Mtoto alikuwa ameshika 510 mkononi, anasogeza mmoja mmoja, akasema, "Mamdogo angalia, tundu linatembea." Nikaangalia, kweli, vitabu vinaenda kulia lakini pengo lenyewe linaenda kushoto, linatembea hatua moja moja mpaka linafika nyumbani kwa 510. Mimi miaka yote nilikuwa naangalia vitabu tu. Usiku uleule nikampigia mchoraji nikamwambia asichore vitabu vinavyosogea, achore pengo linalotembea, na alipe rangi ya njano ukurasa kwa ukurasa. Jina la hadithi nalo limebadilika leo.

Siku ya 9

Michoro ya kwanza imekuja. Ni mizuri ila rafu imejaa kutoka ukuta hadi ukuta, na rafu iliyojaa haiwezi kusogezwa popote, lazima upande wa kulia uwe na nafasi ya kitabu kimoja angalau. Amerekebisha, ameweka kile chuma cha kushikilia vitabu visianguke upande wa kulia, na Bi Zuhura anakivuta kila anapoongeza kitabu. Ni kitu kidogo lakini mkutubi yeyote akiona picha bila hicho chuma atajua aliyeandika hajawahi kushika toroli.

Siku ya 12

Siku mbili nimehangaika na ukurasa wa namba zenye nukta. Nilitaka kuziacha, lakini rafu ya wanyama maktabani yote ina nukta na huko ndiko watoto wanakokwenda, hivyo nimeona ni afadhali nizikabili.

Tatizo liko hivi. Nyani na jamii yake wako 599.8, tembo yuko 599.67. Mtoto akisoma anaona 67 ni kubwa kuliko 8 anamweka tembo kulia kwa nyani. Si sahihi, baada ya nukta tunalinganisha tarakimu moja moja kutoka kushoto, 6 ni ndogo kuliko 8 basi mchezo umeisha, tembo anakaa kushoto. Hata watu wazima wanaokuja kujitolea wanakosea hapa wiki za mwanzo, mimi nilikosea.

Sasa ndani ya hadithi, msaidizi mdogo wa Bi Zuhura anafanya kosa hilohilo. Rafu inakuwa 598, 599.8, 599.67. Halafu anakuja simba na wenzake wala nyama, 599.7, na safari hii Bi Zuhura mwenyewe ndiye anayepanga, hafanyi kosa lolote. Anaanza kulia, anamkuta tembo 599.67, ni mdogo kuliko 599.7, anasimama kama sheria inavyosema, anamweka simba mwisho. Rafu sasa ni 598, 599.8, 599.67, 599.7. Nyani hakumwona kabisa! Mahali pake simba ni kati ya tembo na nyani, na yuko kulia mwa nyani japo aliyempanga hakukosea hata kulinganisha kumoja.

Nilipoliona hilo nimelipenda kuliko kurasa zote, maana linaonyesha njia hii inasimama juu ya nini. Unapokutana na wa kwanza asiye mkubwa unasimama, huendi kukagua wengine kushoto, kwa sababu unaamini wote walioko huko wamekwisha kupangwa. Imani hiyo ndiyo inayokuokolea muda, na ikivunjwa na kitabu kimoja tu, makosa yanazaana kimya kimya kwa mikono isiyo na kosa. Maktabani dalili yake ni hii: msomaji anasema kitabu hakipo, mfumo unasema kipo, na ukienda unakikuta hatua chache tu kutoka mahali pake, na jirani zake nao wamekaa ovyo. Ukikuta mmoja amepotea usimrudishe yeye tu, soma lebo za rafu yote.

Bi Zuhura anafanya hivyo, anapitisha kidole mgongo kwa mgongo na kumkuta nyani. Hagombezi mtu, anamwonyesha msaidizi tarakimu baada ya nukta, wanapanga upya pamoja. Nimesoma kwa sauti mara tatu, urefu uko sawa.

Siku ya 15

Ukurasa wa mwisho ni wa wazazi na walimu, huo tu ndio una msimbo. Nimeandika kwa Python, majina ya Kiswahili:

```python
def panga(rafu):
    for i in range(1, len(rafu)):
        kitabu = rafu[i]
        j = i - 1
        while j >= 0 and rafu[j] > kitabu:
            rafu[j + 1] = rafu[j]
            j = j - 1
        rafu[j + 1] = kitabu
```

Mara ya kwanza nilisahau `j >= 0`. Nilitegemea ikatae palepale, kumbe kwa Python `rafu[-1]` siyo kosa, maana yake ni kitabu cha mwisho kabisa upande wa kulia. Kwa hiyo 398 alipofika mwanzo wa rafu programu haikusimama, ilitokea upande wa pili ikaendelea kusogeza vitabu ambavyo bado viko kwenye toroli, ikazunguka rafu yote, ndipo ikagoma na `IndexError: list index out of range`. Wakati huo namba 599 ilikuwa imeandikwa mara mbili juu ya wengine na 398 hayupo tena kwenye orodha, yuko mkononi tu.

Bi Zuhura hawezi kukosea hivyo kwa sababu rafu yake ina ukuta. Nikarudi kwenye hadithi nikaongeza sentensi moja pale 398 anapoingia: *Pengo likatembea, likatembea, likagusa ukuta. "Basi, umefika," akasema Bi Zuhura.* Sasa mzazi akisoma `j >= 0` ataukumbuka ukuta.

Na alama ya `>` nimeiacha hivyo makusudi, siyo `>=`. Maktaba ikiwa na nakala mbili za kitabu kilekile, zenye namba sawa, aliyetangulia kupanda anabaki kushoto na mgeni anakaa nyuma yake, hakuna anayesogezwa bure. Ukiweka `>=` rafu bado itapangika ila mapacha watageuzwa mpangilio na utafanya kazi ya ziada isiyo na faida.

Chini ya msimbo nimeandika ukomo wake kwa maneno ya kawaida. Vitabu sita vikija tayari vimepangika unalinganisha mara 5 tu na hakuna msogezo. Vikija kinyume kabisa ni mara 15 na misogezo 15. Toroli la vitabu 30 lililogeuka kabisa linafika 435, la 60 linafika 1,770, yaani toroli limekuwa mara mbili kazi imekuwa kama mara nne. Kwa vitabu vya asubuhi moja hakuna shida, ila kupanga maktaba nzima iliyomwagwa sakafuni kwa njia hii siyo kitu cha kumshauri mtu.

Siku ya 16

Mwalimu mmoja rafiki yangu amesoma akasema kwa nini Bi Zuhura asianzie katikati ya rafu, aulize kushoto au kulia, aende nusu kwa nusu, si atapata mahali haraka? Atapata, tena wakutubi wote tunafanya hivyo kwa macho, kwenye rafu ya vitabu 100 lebo saba zinatosha kukuonyesha mahali. Lakini kujua mahali siyo kuingia. Misogezo inabaki ileile, 510 angejua mara moja anakokwenda na bado wale watatu lazima wampishe. Nimemshukuru, ila hadithini siweki, ukurasa wa pengo ungepotea.

Siku ya 19

Nimemsomea binti wa dada toleo la mwisho, safari hii hadi ukurasa wa 24 bila kunikatisha. Picha ya mwisho ni rafu iliyojaa vizuri, vitabu vimebanana, Bi Zuhura anafunga mlango.

Akaitazama sana akasema, "Mbona amevibana? Kesho vikija vingine si atasukuma tena vyote? Angeacha mapengo hapa na hapa."

Hakuna aliyemwambia. Na ni kweli ndivyo wakutubi wanavyofanya, rafu haijazwi mpaka mwisho, unaacha nafasi kwenye kila ubao ili msogezo ukianza uishie palepale usitambae hadi kabati la pili. Mwaka 2006 watafiti watatu, Bender, Farach-Colton na Mosteiro, walichapisha kazi inayothibitisha kwamba ukiacha mapengo yaliyotawanyika vizuri, na vitabu vikaja kwa mpangilio wa kubahatisha, kuchomeka kunakuwa kwa kasi kubwa kabisa, ile kazi ya mara nne haipo tena karibu kila wakati. Gharama yake ni nafasi, na kila baada ya muda unatakiwa kuyatawanya upya maana yanajaa.

Nimempigia mchoraji saa tatu usiku. Ukurasa wa 24 unachorwa upya: rafu ileile, jioni ileile, Bi Zuhura ameshika ufunguo, na katikati ya vitabu kuna mapengo manne ya njano yanasubiri asubuhi.